Gumzo la ukoo wa Pongwe: keki ya Khadija na mafuta ya alizeti

*Ijumaa usiku*

Khadija (Dar): Assalaam alaykum nyote. Shikamoo Bibi, shikamoo Shangazi Rukia, shikamoo Mjomba. Keki yangu ya leo imeharibika, na ilikuwa ya arubaini ya mtoto wa jirani.

Khadija (Dar): [picha]

Khadija (Dar): Angalieni hapo chini, kuna tabaka limelala kama ugali usioiva. Katikati imezama. Ukiibonyeza, kidole kinatoka na mafuta. Kipimo ni kile kile cha siku zote, ila siagi iliniishia nikaweka mafuta ya alizeti.

Mjomba Idi: Waalaykum salaam. Hiyo ni bekingi pauda imepungua. Mafuta mazito, yanataka nguvu ya kuyainua. Ongeza kijiko kimoja cha chai utaona.

Bibi: Marahaba mjukuu wangu. Mafuta yalikuwa hayajapata moto. Kalimati ukiitia kwenye mafuta ya uvuguvugu lazima inywe mafuta.

Khadija (Dar): Bibi, hii sikuikaanga. Ni keki ya kuoka, mafuta nimeyachanganya ndani pamoja na unga.

Bibi: Haya. Sisi tulitia samli.

Shangazi Rukia (Tanga): Marahaba Khadija, pole mwanangu. Niambie mambo mawili kabla sijasema kitu. Mafuta uliweka kiasi gani, na uliyachanganyaje?

Khadija (Dar): Siagi huwa naweka gramu 250. Kwa hiyo nikapima mafuta mililita 250. Nikayapiga na sukari kwa mwiko kama dakika kumi na tano, kama ninavyopiga siagi. Hayakuwa meupe lakini nikaendelea. Kisha mayai 5 moja moja, halafu unga gramu 250 na bekingi pauda vijiko 2.

Shangazi Rukia (Tanga): Basi tatizo lilianza kwenye zile dakika kumi na tano. Ulikuwa unapiga kitu kisichoshika hewa.

Shangazi Rukia (Tanga): Ukipiga siagi na sukari, chembe za sukari zinachimba vijishimo ndani ya siagi, na kwa kuwa siagi imeshikana, vile vijishimo vinabaki na hewa yake. Ndiyo maana inageuka nyeupe na inaongezeka kwenye bakuli. Mafuta ni maji maji, kila kishimo kinajifunga papo hapo. Ungepiga mpaka alfajiri yangebaki vile vile, sukari imekaa chini.

Mjomba Idi: Sasa bekingi pauda kazi yake nini kama si kuinua?

Shangazi Rukia (Tanga): Inainua, kaka, lakini inapuliza mapovu yaliyokwishakuwamo. Haiumbi mapya. Kama kwenye unga hamna vipovu, gesi inajikusanya pamoja, inatoka kwa mashimo makubwa machache, na keki inashuka. Ukiongeza kijiko cha tatu utapata keki iliyopanda haraka ikaanguka, na ladha ya sabuni juu yake.

Mjomba Idi: Hapo nimekuelewa. Lakini keki ya mafuta ina unyevu zaidi, hilo hulikatai. Mke wangu anaoka ya mafuta, siku ya tatu bado laini. Mafuta yana maji kuliko siagi.

Shangazi Rukia (Tanga): Kwamba ni laini siku ya tatu, ni kweli kabisa. Sababu ndiyo siyo. Mafuta hayana maji hata tone. Siagi ndiyo yenye maji. Katika gramu 250 za siagi ya ng'ombe, mafuta yenyewe ni kama gramu 200, na karibu 40 ni maji. Siagi za kopo za kupaka mkate nyingine zina maji zaidi ya hapo, soma pembeni mwa kopo.

Khadija (Dar): Kwa hiyo mimi niliongeza mafuta na kuondoa maji kwa wakati mmoja?

Shangazi Rukia (Tanga): Ndiyo. Mililita 250 za mafuta zina uzito wa gramu 230 hivi, yote mafuta matupu. Umezidisha gramu 30 na maji yote umeyatoa. Mafuta ya ziada hayakuwa na povu la kuyabeba, yakateremka. Hilo ndilo tabaka lako la chini.

Neema (Njombe): Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza, kama mafuta hayana maji, mbona keki yake mdomoni inakuwa kama imelowa? Hapa kwetu keki ya siagi asubuhi inakuwa ngumu kama sabuni ya kufulia.

Shangazi Rukia (Tanga): Umeuliza lenyewe, wifi. Siagi ikipoa inaganda tena ndani ya keki. Kwenu Njombe mwezi wa saba, keki inalala kwenye baridi, siagi yote inarudi kuwa mango, na ulimi unaiona kavu hata kama maji yake hayajapungua. Mafuta ya alizeti hayagandi kwa baridi hiyo wala ndani ya friji, kwa hiyo kila unapotafuna yanateleza. Tena yanaupaka unga vizuri kabla haujashikana na maji, ndiyo maana keki yake haina ule uvutaji wa mkate.

Shangazi Rukia (Tanga): Huku Tanga na kwa Khadija Dar tofauti hiyo ni ndogo. Joto letu linaiacha siagi laini. Tofauti utaiona wateja wakiweka keki kwenye friji wakaila ya baridi.

Neema (Njombe): Mimi nilitumia mafuta ya nazi nikijua ni mafuta tu. Nilipoyamimina kwenye mayai yaliyotoka baridini yakageuka vidonge vyeupe. Keki ikatoka na vitobo vyenye mafuta.

Shangazi Rukia (Tanga): Nazi inaganda kwenye nyuzi 24 au 25 hivi. Kwetu pwani ni mafuta, kwenu ni kama siagi. Ukitaka kuitumia huko, mayai na maziwa viwe vya uvuguvugu. Lakini ujue keki ikipoa itaganda nayo, ile faida ya ulaini hutaipata.

Bibi: Samli nayo haina maji. Tulikuwa tunaichemsha mpaka iache kulia.

Shangazi Rukia (Tanga): Kweli Mama, kule kulia ndiyo maji yanatoka.

Khadija (Dar): Shangazi, nifanyeje sasa? Siagi imepanda bei na nina oda nyingine Jumapili.

Shangazi Rukia (Tanga): Tunaiweka hewa kwenye mayai badala ya siagi. Andika.

Shangazi Rukia (Tanga): Mayai 5 yasiwe ya baridi, sukari gramu 220, chumvi kidogo sana. Piga kwa mashine mwendo wa juu, dakika 8 mpaka 10. Usihesabu dakika peke yake, nyanyua mchapo uone. Povu likidondoka kama utepe na ule utepe ukakaa juu huku ukihesabu mpaka tano ndipo uzame, limefika. Likizama mara moja, endelea.

Shangazi Rukia (Tanga): Pembeni changanya mafuta mililita 200 na maziwa ya uvuguvugu mililita 60. Hayo maziwa ndiyo yanalipa maji ya siagi.

Shangazi Rukia (Tanga): Unga gramu 250 na bekingi pauda kijiko 1 na nusu, chekecha kwa mafungu matatu juu ya povu, kila fungu uligeuze taratibu kutoka chini kwenda juu. Sasa sikiliza hapa, ndipo watu wengi wanapoharibu: usimimine mafuta moja kwa moja. Chota miiko miwili mikubwa ya ule mchanganyiko, utie kwenye bakuli la mafuta, koroga mpaka viwe kitu kimoja kizito. Hicho ndicho unarudisha kwenye povu. Mafuta matupu yanapita katikati ya povu kama jiwe na kukaa chini, na wewe ukihangaika kuyakoroga unalivunja.

Khadija (Dar): Na nitajuaje kama yamebaki chini?

Shangazi Rukia (Tanga): Pitisha mwiko chini kabisa ya bakuli, unyanyue. Ukiona mstari unaong'aa, bado. Geuza mara tatu nne zaidi kisha acha, mimina kwenye bati la inchi 9 uingize ndani hapo hapo. Oveni nyuzi 170, dakika 40 hivi. Unga huu haungoji.

Neema (Njombe): Mwenye jiko la mkaa na sufuria ya mchanga je?

Shangazi Rukia (Tanga): Inawezekana, ila mkaa wa chini uwe mchache kuliko wa juu. Zaidi ya hapo, kila jiko lina tabia yake.

Mjomba Idi: Ladha mmeisahau. Keki ya mafuta haina harufu ya keki.

Shangazi Rukia (Tanga): Hapo uko sawa, kaka, na sina dawa kamili. Harufu ya siagi inatoka kwenye yale mabaki ya maziwa yanayopata rangi kwenye moto, na mafuta hayana. Mimi naweka iliki ya kusaga au maganda ya limau, na badala ya maziwa naweka mtindi. Khadija, alizeti yako ni ya kukamua mtaani au iliyosafishwa?

Khadija (Dar): Ya kukamua, ililetwa kutoka Singida. Rangi ya dhahabu.

Shangazi Rukia (Tanga): Nzuri kwa mboga. Kwenye keki harufu yake inashinda vanila. Tafuta iliyosafishwa, unuse kwanza. Ikinuka kama karanga zilizokaa sana, iache.

Bibi: Tia samli vijiko viwili kwenye hayo mafuta. Harufu itakuja yenyewe.

Shangazi Rukia (Tanga): Sijawahi kujaribu, Mama. Khadija, punguza mafuta kwa vijiko hivyo hivyo viwili ukitaka kumsikiliza Bibi.

*Jumapili jioni*

Khadija (Dar): [picha]

Khadija (Dar): Shikamooni tena. Imepanda sawasawa, chini hamna tabaka. Nilitia samli ya Bibi vijiko viwili na iliki. Mama wa oda ameuliza kama ni siagi tupu.

Bibi: Nilisema.

Mjomba Idi: Hongera. Yangu pia nimepunguza bekingi pauda, nitaleta majibu.

Khadija (Dar): Ila nilipoikata ilikuwa laini mno, kisu kinaivuta na chenga zinashikana kwenye krimu. Nina oda ya harusi mwezi ujao, ghorofa mbili. Itabeba?

Shangazi Rukia (Tanga): Mimi kwa ghorofa situmii mafuta matupu. Siagi iliyopoa inaikaza keki, ukiitoa friji unaichonga na kuibebesha bila wasiwasi. Ya mafuta inabaki laini hata kwenye baridi, ya chini inabonyea. Weka nusu siagi nusu mafuta: siagi gramu 125 ipigwe na sukari, na mafuta mililita 100 uyatie kidogo kidogo baada ya mayai.

Neema (Njombe): Wifi, hapa Njombe kuna fundi anapandisha tatu za mafuta, ila kila ghorofa anaweka kibao chini na vijiti vya kubeba uzito.

Shangazi Rukia (Tanga): Vijiti vikibeba, keki haibebi, hapo sina ubishi. Lakini kuichonga anachongaje ikiwa laini hivyo?

Neema (Njombe): Nitampitia kesho nimuulize.

Khadija (Dar): Niulizie na krimu anayopaka ni ipi. Mimi Jumamosi naoka ya nusu kwa nusu, ndogo ya mayai 2, nijaribu kuiwekea uzito juu.