Nimenyimwa leseni ya mgahawa Ngamiani, nijibu vipi sababu walizotoa?

MamaPweza_Tanga:
Habari za humu. Niliomba leseni ya mgahawa mdogo wa samaki na wali, fremu iko Ngamiani. Nimepewa barua ya kukataliwa yenye sababu tatu:

1. Mkataba wa pango hauna jina la mwombaji (alisaini kaka yangu).
2. Beseni la kuoshea vyombo halina njia ya maji taka.
3. Eneo ni la makazi na kuna malalamiko ya moshi.

Nataka kukata rufaa. Nimeandika kurasa mbili, nyingi ni kueleza ninavyosomesha watoto. Dada mmoja kanambia nizitupe.

Kibanda_Raskazone:
Usijichoshe na rufaa. Ingia TAUSI, ule mfumo wa mtandaoni wa kuombea leseni, uombe upya kwa jina sahihi, basi. Jina langu liliwahi kukosewa nikafanya hivyo, ikapita.

Mzee_wa_Masijala:
Kwa sababu ya kwanza peke yake Kibanda yuko sawa. Lakini ombi jipya litakutana na afisa afya yule yule na moshi ule ule, na hapo umeshalipia mambo mara mbili. Dada, kwanza soma mwisho wa barua yako: rufaa iende kwa nani, ndani ya siku ngapi. Siku hizo ndizo zinaua rufaa nyingi kuliko hoja mbaya.

Kisha fuata namba zao. Nakili sababu kama walivyoiandika, usiipambe, halafu jibu chini yake. Anayesoma ana barua yao mkono huu na yako mkono ule, anatafuta namba zilingane. Habari za watoto hazina namba kwenye barua yao.

Sababu ya 1 usiitetee kwa barua ya kaka kwamba "namruhusu dada yangu". Mwenye nyumba asaini mkataba mpya na wewe, ulipiwe ushuru wa stempu TRA, uambatanishe. Mistari miwili inatosha.

Sababu ya 2 ndiyo watu wanaharibu. Je, siku ya ukaguzi bomba lilikuwepo?

MamaPweza_Tanga:
Shikamoo mzee. Halikuwepo, maji yalikuwa yanaingia kwenye ndoo. Fundi kaunganisha wiki iliyofuata. Nilikuwa nimeandika "si kweli, bomba lipo".

Mzee_wa_Masijala:
Marahaba. Futa hiyo. Ukiandika si kweli unamwita mkaguzi mwongo, na ripoti yake ina tarehe. Andika hivi:

"Sababu ya 2: 'Beseni la kuoshea vyombo halina njia ya maji taka.' Hali hiyo ilikuwepo siku ya ukaguzi. Tangu hapo beseni limeunganishwa na shimo la maji taka la nyumba. Naambatanisha risiti ya fundi na picha (Kiambatisho B), na naomba afisa afya akague tena."

Ombi la kukaguliwa upya lisikosekane. Picha peke yake haimpi mtu nguvu ya kubadili ripoti.

Bint_Pangani:
Kwani huwezi kuchukua kile kitambulisho cha wajasiriamali cha elfu 20? Mimi nilikuwa nacho, nikauza vitumbua bila kusumbuliwa.

Kibanda_Raskazone:
Kile kilikuwa cha wenye mauzo yasiyofika milioni 4 kwa mwaka. Huyu ana fremu na wasaidizi. Ila dada, fungua tu uuze huku rufaa inaendelea, kila mtu anafanya hivyo.

Mzee_wa_Masijala:
Asifungue. Kuuza bila leseni ni kosa, na wakimkuta atakuwa kawaandikia sababu ya nne mwenyewe.

Sababu ya 3 imebeba mambo mawili. Kama tatizo ni moshi, unarefusha dohani juu ya paa na kuonyesha. Kama wanamaanisha matumizi ya ardhi ya kiwanja, hakuna dohani itakayokusaidia, hilo ni la mipango miji na mwenye nyumba ndiye anaanza. Nenda uulize kabla hujajibu. Usiwajibie kwa kukisia.

MamaPweza_Tanga:
Nimerudi kutoka ofisini. Ni moshi. Kiwanja kimeandikwa makazi na biashara, nimepewa nakala ya karatasi. Aliyelalamika ni jirani wa nyuma, kwa mdomo. Dohani nimeshaweka, lakini hataki kusaini kwamba hali imebadilika.

Bint_Pangani:
Mpelekee sahani ya samaki.

Mzee_wa_Masijala:
Samaki hapana, itaonekana hongo. Igawe sababu hiyo 3(a) na 3(b). Kwenye (a) weka ile karatasi ya kiwanja. Kwenye (b) eleza dohani, omba ukaguzi jiko likiwa limewashwa, na mwombe mtendaji wa mtaa aandike alichokiona.

Kibanda_Raskazone:
Mtendaji wa kwetu haandiki kitu kama jirani mmoja bado ananung'unika. Mimi ningepata saini za majirani wengine watatu, huyo mmoja nimwache.

Mzee_wa_Masijala:
Za wengine weka, ila usimfiche yeye, jina lake huenda lipo kwenye faili lao. Peleka nakala mbili masijala, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

MamaPweza_Tanga:
Sawa mzee. Kesho asubuhi naenda kwa mtendaji, nitaleta jibu lake hapa.