Waifai ya ofisi imepata pacha nisiyemjua, naombeni ushauri

Kijana_wa_Ilala
Wakuu habari za kazi. Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu, watu kama 60. Zamani pasiwedi ya waifai ilikuwa moja, ikajulikana hadi kwa bodaboda wa kijiweni. Bosi akataka kila mtu aingie kwa jina na pasiwedi yake, nikasimamisha seva ya FreeRADIUS, mambo yakaenda. Juzi nikakagua hewa kwa laptopu:

```
netsh wlan show networks mode=bssid

SSID 1 : OFISI-STAFF
  Authentication : WPA2-Enterprise
  BSSID 5        : xx:xx:xx:4b:1c:9e
    Signal       : 71%
    Channel      : 6
```

Akses pointi zangu ni nne na namba zake ninazo. Hii ya tano siijui. Bosi sasa anataka turudi kwenye pasiwedi moja. Nifanyeje?

Fundi_Swichi
Kuna mfanyakazi kachomeka karuta kake. Ingia kwenye swichi, poti yenye MAC nyingi ndiyo hiyo. Funga, kunywa chai.

MamaKanga
Mimi jirani ananimalizia bando kila mwezi na salamu hanipi. Huyo naye nimfunge poti gani?

Mzee_wa_Nyaya
Fundi, ruta ya nyumbani huficha simu zote nyuma yake. Kwenye poti utaona MAC moja tu, kama kompyuta yoyote. MAC nyingi utaziona ikiwa imewekwa kama daraja. Halafu mtu anayetafuta urahisi angeweka pasiwedi ya kawaida, asingehangaika na WPA2-Enterprise. Huyu ameiga kwa makusudi, na huenda hajagusa waya wako hata mmoja.
Mleta uzi, simu zote ziliingia bila shida?

Kijana_wa_Ilala
Za zamani zote ziliingia. Android mpya kadhaa zilisumbua, nikaziweka kwenye mtandao wa wageni.

Mzee_wa_Nyaya
Zilisumbua wapi? Kwenye cheti uliwaambia wachague nini?

Kijana_wa_Ilala
Mkuu, hilo ni la pembeni. Nauliza namna ya kumkamata huyu wa tano.

Mzee_wa_Nyaya
Nimeuliza cheti.

Kijana_wa_Ilala
"Usithibitishe." Mpya hazina chaguo hilo. Sasa watu 60, nipite meza kwa meza? Cha msingi si kila mtu ana pasiwedi yake?

Mzee_wa_Nyaya
Chaguo hilo lilianza kuondolewa kwenye Android 11 kwa sababu ya mambo kama haya haya. Cheti ndicho kinachoiambia simu kwamba inaongea na seva yako. Ukikizima, simu itajitambulisha kwa yeyote mwenye jina OFISI-STAFF na mawimbi yenye nguvu. Ukitumia PEAP na MSCHAPv2, pacha hapati pasiwedi yenyewe papo hapo, anapata jibu ambalo ataenda kulivunja nyumbani kwake taratibu. Seva yako haitaandika chochote, maana simu haikufika kwako. Hizo pasiwedi ni za waifai tu?

Kijana_wa_Ilala
Ni zile zile za barua pepe ya ofisi. Watu hawakariri mbili.

Jicho_Kavu
Subirini. Mwezi jana huyu alifungua uzi anatafuta kazi yoyote hata ya ulinzi. Leo ni msimamizi wa mtandao, na namba za mbele za MAC kazifuta, zile zinazotaja mtengenezaji. Hii chai. Anataka mumfundishe kutengeneza pacha.

Kijana_wa_Ilala
Kazi nilipata, mkuu. Hukunipongeza.

MamaKanga
Hongera mwanangu. Sasa jirani yangu?

Mzee_wa_Nyaya
Awe mwizi au msimamizi, tiba ni ile ile na haimfundishi mtu kuiba. Badilisha pasiwedi za barua pepe leo. Weka cheti cha CA yako kwenye kila simu, na kwenye sehemu ya `Domain` andika jina la seva. Kisha tembea na laptopu, soma ile asilimia.

Kijana_wa_Ilala
Nimetembea. Mapokezi 48%, dirisha la barabarani 90%. Upande huo hatuna chumba kingine, chini kuna mgahawa. Ila nimeshamwahidi bosi, Ijumaa tunarudi pasiwedi moja, tena ile ya zamani ili watu wasisumbuke.

Mzee_wa_Nyaya
Ile ya bodaboda? Mwenye jina na pasiwedi hiyo anawasha pacha kwa simu yake, na simu zenu zitajiunga zenyewe.

Jicho_Kavu
Weka MAC kamili basi tuamini.

Fundi_Swichi
Lakini swichi uliangalia?