Keki ya kuvuka Likoni: ya krimu, ya siagi au ya matunda?

Bint Kibokoni
Assalaam alaykum. Mdogo wangu atapambwa Jumamosi huko Ukunda, na shughuli ya keki nimeachiwa mimi. Nimeuliza kwa waokaji watatu hapa kisiwani. Wa kwanza ana keki ya chokoleti yenye cheri na krimu ya kupigwa, na anataka kuambiwa siku 2 kabla. Wa pili ana keki ya vanila na iliki iliyopakwa krimu ya siagi, naye anataka siku 3. Wa tatu ana keki ya matunda iliyofunikwa fondanti, ila anataka wiki 2. Bei zao hazipishani sana. Je, mngechagua ipi?

Fundi wa Joko
Wa alaykum salaam, dada. Umetueleza habari za waokaji, lakini za safari hukutueleza. Jumamosi ipi, na keki itakatwa saa ngapi? Wageni ni wangapi? Gari lina kipoza hewa? Huko Ukunda kuna friji yenye nafasi? Bila ya majibu hayo kila mtu atakutajia keki aipendayo yeye.

Mla Zabibu
Mimi sihitaji majibu hayo. Chukua ya matunda. Keki ya matunda haijui joto, haijui foleni, na ikibaki utaila mwezi mzima ikiwa ndani ya mkebe uliofungwa vizuri.

Baba Tatu
Nami niseme yaliyonipata, ili dada asirudie kosa langu. Nilibeba keki ya cheri na krimu, kilo 2, kutoka mjini kwenda Likoni kwa sherehe ya mwanangu. Nilipanda tuktuk, na boksi nikalipakata kwa kuamini kwamba mapaja yangu ni salama kuliko sakafu. Foleni ya feri ilikuwa ndefu, na jua la saa nane lilikuwa likiingia ubavuni moja kwa moja. Tulipoteremka ule mteremko wa kuingilia feri, nilihisi boksi limekuwa zito upande mmoja. Sikulifungua. Tulipokuwa tukipanda upande wa pili niliona kadibodi ya chini imelowa, na doa jekundu limeingia kwenye kanzu yangu. Nyumbani tulikuta tabaka la juu limeteleza kama vidole vitatu, krimu imeganda kwenye kifuniko, na cheri zote zimekusanyika pembeni. Watoto waliila kwa vijiko. Mke wangu hulikumbuka boksi lile kila tukipita feri.

Bint Kibokoni
Samahani, nilisahau. Ni Jumamosi ya wiki ijayo, siku 10 kutoka leo. Wageni ni wanawake 40 hivi, na keki itakatwa baada ya Isha. Tutatoka hapa saa tisa alasiri kwa gari la kaka yangu ambalo halina kipoza hewa. Friji ya huko ni ndogo, na itakuwa imejaa juisi.

Fundi wa Joko
Sasa tunaweza kusema. Kilichomponza Baba Tatu si joto peke yake. Tabaka za keki ile hunyweshwa shira ya cheri, na katikati huwekwa krimu laini, kwa hiyo hakuna kinachozishika zikiinama. Mapaja nayo hayatulii, tena yana joto lake. Kwako wewe kuna jambo jingine zaidi: krimu ya maziwa haifai kukaa nje ya friji zaidi ya saa 2, na katika joto kama letu ni saa 1. Utoke saa tisa, ukate baada ya Isha, na friji isiwe na nafasi? Keki hiyo iache.

Krimu ya siagi inawezekana, lakini muulize mwokaji anatumia nini. Siagi tupu huanza kulegea kabla ya nyuzi 30, na ikikaribia 35 imeyeyuka. Mimi nikiokea watu wa pwani ya kusini huchanganya nusu siagi na nusu mafuta magumu ya kupikia. Ladha hupungua kidogo, na sitaficha hilo, lakini maua hubaki maua. Keki huilaza kwenye friji usiku kucha hadi ubaridi uingie katikati, kisha huitoa wakati wa kuondoka. Boksi huwekwa kwenye sakafu ya gari juu ya kitambaa kisichoteleza. Kiti hakifai kwa sababu kimeinama kwa nyuma.

Jirani wa Nyali
Kwa nini tusiseme fondanti? Fondanti ni ngumu, haiyeyuki. Ilazeni kwenye friji, izungushieni barafu, itafika kama ilivyotoka.

Fundi wa Joko
Ndugu, umepatia nusu. Ni kweli kwamba haiyeyuki kama siagi. Lakini ukiitoa kwenye baridi ukaileta kwenye hewa yetu yenye unyevunyevu, hutoka jasho: hung'aa, hunata, na rangi nyeusi au nyekundu huchuruzika. Barafu ndani ya boksi huzidisha unyevu huo. Ikitoka jasho usiifute kwa kitambaa, maana alama za vidole hazitoki tena. Iache mbele ya feni ikauke yenyewe.

Mla Zabibu
Keki ya matunda haihitaji friji kabisa, nanyi mnaikwepa. Hizo wiki 2 ni maringo ya mwokaji. Zabibu na tende zikilowekwa usiku mmoja kwenye maji ya machungwa zinatosha.

Fundi wa Joko
Kulowesha, ndiyo, usiku mmoja unatosha. Hata hivyo keki yenyewe ikikatwa changa humeguka vipande vipande, na hutulia baada ya siku kadhaa. Akikubali kuioka kesho, dada, bado una nafasi.

Mwana wa Mji wa Kale
Kabla hamjaenda mbali: keki ya matunda mara nyingi hunyweshwa pombe, na ile ya cheri asili yake hutiwa pombe ya cheri. Muulizeni mwokaji waziwazi.

Baba Tatu
Waokaji wengi wa hapa hawatii, wanajua wateja wao.

Mwana wa Mji wa Kale
Kujua wateja si sawa na kuulizwa. Mimi niliwahi kujibiwa, "Ni kidogo tu, huyeyuka jikoni."

Shangazi Zainabu wa Pili
Wanangu, mnahangaika bure. Mkate wa mayai una mayai, sukari, unga na iliki, hauna krimu wala siagi. Ufunikeni kwa kitambaa safi, utafika Lunga Lunga.

Bint Kibokoni
Shangazi, nakubali, lakini bibi harusi anataka keki ya kukatwa mbele ya kamera. Labda mkate wa mayai uwe wa wageni, na keki ndogo ya siagi iwe ya picha. Je, wageni 40 nikiwapa keki peke yake, kilo 3 zingetosha?

Jirani wa Nyali
Kilo 1 hulisha watu 10, kwa hiyo unahitaji 4.

Fundi wa Joko
Inategemea kilo ya nani. Wako wanaopima keki ikiwa imekamilika na krimu yake, na wako wanaohesabu unga tu, na hao keki yao hutoka kubwa zaidi. Kwa keki iliyokamilika, kipande cha gramu 75 ni cha heshima, na kilo 3 hutoa vipande 40.

Mla Zabibu
Gramu 75 za keki ya krimu ni hewa. Za keki ya matunda ni chakula.

Bint Kibokoni
Nimempigia yule wa siagi. Anasema anatumia siagi tupu, na kuhusu kilo amesema, "Kilo ni kilo." Nitampigia tena kesho.