Umeletewa watu 7, unamjibu nini rikruta ili kundi la pili liwe sahihi? Tupeane uzoefu

Mfunga Hesabu

Habari zenu wadau. Naomba tupeane uzoefu kwenye hili maana limenila wiki 3 na naamini siko peke yangu.

Nilikuwa natafuta mtu wa kufuatilia madeni ya wateja. Rikruta wetu aliniletea watu 7 Jumatatu, mimi niko katikati ya kufunga hesabu za mwezi, nikapitia wasifu zao usiku nikiwa hoi nikamjibu mstari mmoja tu: "Asante, hawa bado, naomba watu wazito zaidi." Basi. Kwangu mimi mzito ni mtu aliyewahi kukaa na mdaiwa sugu kwenye simu mpaka hela ikatoka. Yeye alisoma mzito kama mkubwa wa cheo. Baada ya siku 10 ananiletea watu 6, wote wakuu wa vitengo, wana vijana chini yao. Nikamwita mmoja, nikamuuliza mara ya mwisho umempigia lini mteja aliyepitiliza siku 90, akanijibu kwa upole kabisa kwamba simu zinapigwa na timu yake, yeye anapokea ripoti. Mtu mzuri tu, ila siyo kazi niliyokuwa nayo mezani. Nilipotoka pale nikajua kosa ni langu.

Nikamwomba rikruta tukae kwenye simu, tukafungua wale 7 wa mwanzo mmoja mmoja. Dakika 25 tu. Tulipofika mtu wa 3 akaniuliza, huyu kilichomtoa ni nini hasa? Nikasema hana shahada. Akaniuliza, kati ya kazi atakazofanya hapo kwako ni ipi inahitaji shahada? Nilinyamaza. Yule dada ana miaka 2 tu kazini, ila kaandika kwa ufasaha: wateja 140 walikuwa mikononi mwake, na madeni yaliyopita siku 60 yalishuka kutoka asilimia 30 ya daftari hadi 12. Kwenye wale wote 13 hakuna mwingine aliyeandika kitu kama hicho, na mimi nilimpita kwa sekunde chache.

Nyie mnajibuje? Hasa kundi la kwanza likija limekosea.

Dada wa Usaili

Mkuu asante kwa kusema wazi. Mimi ni rikruta mwaka wa 11 huu, na jibu la "hawa bado" nalipokea karibu kila wiki. Shida ni kwamba halinipi pa kwenda. Nikiambiwa hapana bila sababu nabaki kubahatisha, na ukibahatisha unapandisha cheo au unaongeza miaka ya uzoefu, kwa sababu ndo vitu rahisi kubadilisha kwenye utafutaji. Hicho ndo kilichokukuta.

Kinachonisaidia ni kitu kimoja kwa kila mtu: ulichokiona kwenye wasifu wake, au ulichokitafuta ukakikosa. Mfano huyo mtu wako wa 1, kilimtoa nini?

Mfunga Hesabu

Alikuwa anatengeneza ankara na kuzituma, hakuna sehemu anasema alikusanya hela. Mtu wa 5 ndo alinisumbua zaidi, katokea benki, anafuatilia mikopo ya watu binafsi, anajua kabisa kupiga simu. Ila kwetu wadaiwa ni makampuni, na kampuni mara nyingi inachelewa kwa sababu ina ubishi na ankara: bei siyo tuliyokubaliana, mzigo ulipungua, hati ya kupokelea haina saini. Ukimpigia mtu kama huyo kumbana tu unapoteza muda, inabidi urudi ghalani utafute ile hati, uende kwa watu wa mauzo, umalize ubishi, ndo ulipwe.

Dada wa Usaili

Sasa hayo uliyoandika hapo juu kuhusu mtu wa 5 yana thamani kuliko maelezo yote ya kazi uliyonipa mwanzo (nasema kama ningekuwa rikruta wako). Aliyekosa kidogo anafundisha kuliko aliyekosa kabisa. Hapo najua natafuta madeni ya kampuni kwa kampuni, najua natafuta mtu anayetaja ubishi wa ankara, na najua wakuu wa vitengo hawahitajiki. Maneno ya kutafutia ningeyabadilisha hivi:

```
("credit control" OR "accounts receivable")
AND (dispute OR disputes) AND B2B
```

Na hapa niwatahadharishe wenzangu. Ukisikia meneja hataki wakuu usikimbilie kuongeza `NOT manager` kwenye maneno ya jumla, utamfuta kila aliyeandika kwamba alikuwa anaripoti kwa meneja wa fedha, yaani walewale unaowataka. Cheo kichuje kwenye sehemu ya cheo cha sasa peke yake. Hata hiyo `B2B` naiweka jaribio la kwanza tu, wengi wanaifanya kazi hiyo bila kuiandika kwa jina hilo, ukiona majibu ni machache itoe.

Mpenda Namba

Mimi haya mambo ya maelezo marefu nilishaacha. Nampa kila mtu alama 1 mpaka 10 namrudishia rikruta siku hiyohiyo, imekwisha. Siri ni spidi, ukichelewa siku 5 watu wanakuwa wameshachukuliwa na rikruta naye ameshahamia nafasi nyingine.

Dada wa Usaili

Kwenye spidi uko sahihi kabisa kaka, mimi mteja akijibu ndani ya siku 2 kazi yake naipa kipaumbele bila hata kuambiwa. Ila ile 6 yako mimi naifanyia nini? Watu wawili wana 6, mmoja kwa sababu hana uzoefu wa mfumo wenu, mwingine kwa sababu anahamahama kazi kila baada ya miezi 8. Hizo ni safari mbili tofauti za kutafuta. Weka alama, lakini andika na neno "kwa sababu" pembeni yake, hata maneno 6 yanatosha.

Mpenda Namba

Sawa, hilo la "kwa sababu" nimelichukua. Alama siachi lakini, zinanilazimisha kupanga nani wa kwanza.

Natafuta Kazi

Jamani mimi nimesaili sehemu 4 mwaka huu na hakuna hata mmoja aliyenipa jibu kwa nini nimekosa, mnasema mnatoa maoni, mbona hatuyapati?? Mara ya mwisho nilifika hatua ya tatu kabisa halafu kimya.

Dada wa Usaili

Pole sana mdogo wangu. Hapa tunazungumzia jibu la meneja kwenda kwa rikruta kabla ya kundi linalofuata, siyo jibu la mwombaji. Lakini hayako mbali. Mara nyingi rikruta anakaa kimya kwa sababu na yeye hakuambiwa kitu. Nikiambiwa "alieleza nadharia vizuri ila hakuweza kutoa mfano wa mteja wake mwenyewe" hilo naweza kukufikishia. Nikiambiwa "hapana" siwezi kukutungia sababu.

Fundi wa Laini

Mimi sina rikruta wa nje, natumia dada mmoja wa utumishi hapa kiwandani. Nilikuwa nataka fundi wa matengenezo, nikamwambia asiyetokea kiwanda cha vinywaji usiniletee. Mwezi mzima nikapata watu 2, na wote hawakufaa. Nikamlaumu hajui kutafuta. Siku moja akaja chini kabisa kwenye laini, akasimama pale mashine ya kujaza ilipokuwa imegoma, akaniangalia navyohangaika na kihisio, akauliza: mashine hii iko viwanda vya vinywaji tu? Nikamwambia hapana, hata sabuni, hata dawa za maji, wote wanajaza na kufunga vizibo hivihivi. Akasema basi mbona ulinifungia mlango? Kundi lililofuata lilikuwa na watu 5, nikamchukua aliyetokea kiwanda cha sabuni na mpaka leo ninaye.

Tangu hapo simtajii kiwanda, namtajia mashine na aina ya hitilafu ambayo nataka mtu awe ameshaitatua.

Kiongozi wa Zamu

Mimi niulize, je kama mtu wasifu uko safi ila ukimwona unajua tu hatoendana na timu? Mimi huwa naandika "haendani na sisi". Kuna mwingine nilimwandikia "umri umeenda kidogo kwa kasi yetu".

Dada wa Usaili

Hilo la pili futa kabisa na usilirudie. Umri, ujauzito, watoto, dini, lafudhi, hayo hayahusiani na kazi na sehemu nyingi ni kosa kisheria kumkatalia mtu kwa hayo, na wewe umeyaandika mwenyewe kwa mkono wako. Mimi nikipokea maneno kama hayo narudi kwa meneja namuuliza, ni kazi gani umeona hawezi? Akishindwa kujibu, mtu yule anabaki kwenye orodha.

"Haendani na sisi" nayo naipinga kwa sababu haitafutiki. Niambie ulimuuliza nini na alijibu nini. Mfano: nilimuuliza zamu ikikabidhiwa na mashine mbovu anafanyaje, akasema anasubiri fundi wa mchana. Hapo nakuelewa, na mtu anayefuata nitamuuliza swali hilohilo kwenye simu kabla hujamwona.

Kiongozi wa Zamu

Nimekuelewa dada. Ila bado kuna kitu ambacho unakihisi tu, siyo kila kitu kina swali lake.

Mfunga Hesabu

Narudi. Niweke hapa ujumbe niliomtumia rikruta baada ya ile simu, mnikosoe:

"Mtu wa 3 nimwone wiki hii, sababu ni wateja 140 na namba zake za siku 60. Shahada nimeiondoa kwenye masharti. Mtu wa 5 labda, anajua kufuatilia ila hajagusa ubishi wa ankara wa makampuni, muulize kama amewahi. Wa 1, 2, 6 na 7 hapana, wametengeneza ankara tu hawajakusanya. Wa 4 hapana, anataka kuongoza timu na sisi hatuna timu ya kumpa. Kundi la pili lisizidi watu 4. Miaka 2 mpaka 5. Swali la kuwauliza kwenye simu: nieleze deni moja lililokwama kwa sababu ya ubishi, nani ulimfuata, lililipwa baada ya muda gani."

Fundi wa Laini

Hii iko vizuri. Hilo swali la mwisho nitaliiba nilibadilishie mashine.

Dada wa Usaili

Ningeongeza kitu kimoja tu, mwambie kipi uko tayari kulegeza kama hao 4 hawapatikani. Miaka? Aina ya biashara? Usipomwambia atalegeza anachojua yeye.

Mfunga Hesabu

Miaka. Hilo nimemtumia sasa hivi.

Lingine sasa. Mtu wa 3 nimemsaili jana, alinieleza deni la mteja mmoja aliyegoma kulipa miezi 4 kumbe hati ya mzigo ilikuwa na namba ya oda tofauti, akaenda mwenyewe kuifuatilia. Nimempenda. Ila ana sehemu nyingine wanamsubiri mpaka Ijumaa, na kundi la pili linafika Jumatano.

Mpenda Namba

Mchukue leo. Unangoja nini?

Dada wa Usaili

Mimi ningemwona angalau mmoja wa Jumatano kwanza, tena asubuhi. Umemwona mmoja tu kwa kipimo kipya, cha kumlinganisha naye huna. Lakini nakiri nimewahi kupoteza watu wazuri kwa ushauri huuhuu.

Mfunga Hesabu

Nimemwandikia rikruta awapange wawili Jumatano saa 2 asubuhi na amweleze mtu wa 3 ukweli kwamba jibu lake ni Alhamisi. Bado sijatulia.