Msamaha wa kodi umewafaa wenye madeni makubwa, sisi wa magunia tumebaki na faini

Mama Nafaka, Nakuru, Julai 2025

Wadau, nina hasira na sitaificha. Tangu Desemba mwaka jana redio imekuwa ikituimbia msamaha wa kodi: njoo ulipe kodi yenyewe, riba na faini zote za hadi 31 Desemba 2023 zifutwe, mwisho 30 Juni 2025. Juni imekwisha. Leo nimefungua akaunti yangu ya iTax, na shilingi 70,000 bado zinanitazama. Kodi yenyewe ninayodaiwa ni sifuri. Nasema sifuri. Deni lote ni faini.

Mimi nauza mahindi na maharagwe, debe na gunia. Bidhaa za shambani ambazo hazijasindikwa hazitozwi VAT, na hata zingetozwa, mauzo yangu hayajawahi kukaribia milioni 5 kwa mwaka, kiwango kinachomlazimu mtu kujisajili. Lakini Machi 2023 nilitaka cheti cha kodi ili niipelekee shule moja maharagwe. Kijana wa saiba aliyenijazia fomu akaniongezea VAT kwenye pini bila kuniambia. Nikampa shilingi 500, nikashukuru, nikaenda zangu.

Ukishasajiliwa VAT, kila mwezi unafaili ritani kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama hukuuza kitu. Usipofaili, faini ni shilingi 10,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa. Kwa hiyo mimi nisiyedaiwa kodi hata shilingi nilikuwa nakatwa elfu kumi kila mwezi usiku nikiwa nimelala. Nilijua Agosti 2024 nilipokwenda kufanya upya cheti. Machi 2023 hadi Julai 2024 ni miezi 17, shilingi 170,000. Nilikaa chini pale pale sakafuni.

Nilifaili ritani zote 17 kwa siku mbili, nikaomba VAT iondolewe kupitia e-Cancellation, ikaondolewa. Kisha kwa woga, Septemba, nikalipa 20,000 niliyokuwa nimeweka ya karo. Zikaingia kwenye miezi ya kwanza miwili. Miezi mitatu baadaye, 27 Desemba, sheria ya msamaha ikaanza kufanya kazi. Faini za Mei hadi Desemba 2023, shilingi 80,000, zikafutwa. Elfu 20 yangu hairudi, maana kinachosamehewa ni deni lililobaki, si ulicholipa. Na miezi saba ya 2024 iko nje ya tarehe, ndiyo hizo 70,000.

Sasa tazameni mwenzangu huyu wa mfano. Alikuwa anadaiwa kodi ya shilingi 800,000 tangu 2016 na akakaa kimya. Riba ni asilimia 1 kwa mwezi na haivuki kodi yenyewe, kwa hiyo kufikia leo imefika 800,000 nyingine. Ongeza faini ya kuchelewa kulipa. Kama alilipa 800,000 zake kabla ya mwisho wa Juni, amesamehewa riba yote ya 800,000 na faini juu yake. Pesa ya umma ameifanyia biashara miaka yote hiyo bila riba. Mimi niliyekimbia kulipa nimepoteza karo. Nani amesamehewa hapa?

Dereva wa Probox

Mama pole, lakini nadhani hukuomba. Msamaha unafuta kila kitu, hata kodi yenyewe, ukiandika barua. Jirani yangu alifutiwa yote.

Karani Mstaafu

Dereva, usimpotoshe mama wa watu. Kodi yenyewe haijawahi kusamehewa, si katika awamu ya kwanza iliyoisha 30 Juni 2024 wala katika hii. Jirani yako pengine alikuwa na faini na riba tu kwenye leja.

Mama, umeeleza sawa. Asiyedaiwa kodi yenyewe alifutiwa bila kuomba. Aliyedaiwa ndiye aliyeomba ndani ya iTax, kwenye Debt and Enforcement, akapendekeza atakavyolipa kwa awamu, kisha akawa anatoa namba ya malipo kwenye Payments na kulipia benki au kwa simu. Alipaswa kumaliza ndani ya tarehe. Kilichobaki baada ya 30 Juni kimebaki na riba yake na faini yake. Nimeona watu wamelipa miezi minne vizuri, wa tano wakayumba.

Sasa sikiliza, maana mlango wako si huo wa msamaha. Sheria ya Fedha ya 2025 imeanza mwezi huu, na imefungua njia ya kuondolewa faini na riba zilizotokana na makosa ya mfumo, mfumo kuchelewa kusasishwa, faini kujirudia, au mlipakodi kusajiliwa kodi isiyo yake. Hilo la mwisho ndilo lako. Ingia My Ledger, utoe leja ya VAT yote ikionyesha kodi sifuri kila mwezi. Tafuta tarehe VAT ilipoongezwa kwenye pini na tarehe ilipoondolewa. Ambatisha daftari la mauzo, kuonyesha unauza nini na kiasi gani. Usiandike kwamba unaomba huruma. Andika kwamba usajili ulikuwa na kosa tangu siku ya kwanza.

Binti Tanga

Samahani, mimi niko Tanzania. Ina maana nasi tunaweza kuomba? Baba alipata mwaka 2018, TRA walisamehe riba na adhabu kwa asilimia mia, akamaliza kulipa kodi Juni 2019. Duka lina deni lingine sasa.

Karani Mstaafu

Hapana binti yangu, hii ni ya Kenya. Huo wa 2018 ulikuwa na tarehe zake na zilipita.

Fundi Wanyonyi

Mimi nina swali gumu kwa Karani. Ritani ya Desemba 2023 ilipaswa kufailiwa 20 Januari 2024. Faini imezaliwa 2024, lakini mwezi ni wa 2023. Mama anasema yake imefutwa. Yangu haijafutwa, na nilifaili Februari 2025. Nimeambiwa majibu mawili tofauti.

Karani Mstaafu

Sheria inasema kipindi, na kwa kuisoma kwangu kipindi ni Desemba. Ningepinga kwa maandishi. Lakini wengine wanaisoma kwa siku faini ilipotokea, na sijaona uamuzi uliofunga hoja hiyo. Mama, na wewe ujue neno lililotumika ni "anaweza". Halimlazimishi mwenye kuamua. Na faini zako ni za 2024, sheria ni ya Julai 2025. Wanaweza kukwambia sheria hairudi nyuma.

Mama Nafaka

Basi na wakaniambie kwa maandishi. Nimetoa leja usiku huu, kurasa tatu. VAT iliongezwa 14 Machi 2023, saa kumi na dakika saba jioni. Saa hiyo nilikuwa nimesimama nyuma ya yule kijana nikimshikia kitambulisho. Kesho napeleka maombi pamoja na madaftari yangu mawili ya mauzo. Aliyewahi kuomba kwa sababu hii ya usajili tangu mwezi uanze aniandikie hapa: walimtaka na kiapo cha wakili, au leja ilitosha?