Leja na benki zinapishana 1,560,000, na mteja wa Magu ana slipu mkononi. Nianzie wapi?

KaraniMpya_Mwanza

Wakuu habari za jioni. Nimeachiwa hesabu za duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, karani wa mwanzo kaondoka. Nafunga Machi 2024 na nimekwama. Leja ya benki inasoma 48,620,000, taarifa ya benki inasoma 50,180,000. Makato ya benki nimeshayaingiza.

Nimepiga tiki mstari kwa mstari. Upande wa benki zimebaki pesa tatu zisizo na stakabadhi: 2,400,000 ya tarehe 19, 1,350,000 ya tarehe 21 na 1,740,000 ya tarehe 27. Upande wa leja zimebaki stakabadhi nne ambazo benki sizioni: 900,000 ya tarehe 12, 850,000 ya tarehe 13, 650,000 ya tarehe 15 na 1,530,000 ya tarehe 21.

Shida kubwa ni kwamba wateja wengi wanaweka kupitia wakala, kwa hiyo taarifa inaleta jina la wakala badala ya la mteja. Na kuna mteja wa Magu ambaye leja inamdai 1,200,000. Anasema alilipa tarehe 8 na slipu anayo. Nahisi pesa yake imejificha humo kwenye 1,560,000. Naitafutaje?

Bonge_la_Hesabu

Mkuu, gawanya tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila baki, kuna mtu kageuza tarakimu. 1,560,000 kwa 9 inatoa 173,333 na ushee, kwa hiyo hakuna tarakimu iliyogeuzwa. Achana na njia hiyo, tafuta stakabadhi ambazo hazikuandikwa kabisa.

MamaLeja

Bonge, kanuni yako ni ya kweli lakini umeitia mahali pasipo pake. Inafanya kazi kwenye kosa moja. Hiyo 1,560,000 ni mchanganyiko wa makosa, moja linaongeza, lingine linapunguza, kwa hiyo ukiigawa yote haikuambii kitu. Gawanya tofauti ya jozi. Tazama tarehe 21: benki 1,350,000, leja 1,530,000. Zinapishana 180,000, na kwa 9 ni 20,000 kamili. Hata hivyo hiyo ni dalili tu, maana hata sifuri iliyodondoka hutoa tofauti inayogawanyika kwa 9. Toa slipu ya siku hiyo uitazame. Ikisema 1,350,000, mteja amepunguziwa deni 180,000 zaidi ya alicholeta, na yeye hawezi kukupigia simu kulalamika.

Sasa zile stakabadhi tatu. 900,000 na 850,000 na 650,000 ni 2,400,000. Hiyo ndiyo pesa ya tarehe 19. Mtu alikusanya taslimu kwa wateja watatu akaweka mara moja. Kihesabu zimekutana, lakini mimi ningeuliza nani alikaa na 900,000 kuanzia tarehe 12 hadi 19. Anayekusanya akiwa na tabia ya kuchelewa, pesa ya mteja wa leo huziba ya mteja wa juzi, na utakuja kuona stakabadhi za watu zikiwa na tarehe zisizolingana na siku waliyolipa.

Ukizitoa hizo, imebaki 1,740,000 ambayo leja haina kabisa. Toa 180,000 iliyozidishwa, unapata 1,560,000 yako.

Na mteja wa Magu hayumo humo, dada. Tofauti ya benki inakuonyesha pesa iliyokosekana upande mmoja. Pesa yake kama ilifika na ikaandikwa kwa jina la mtu mwingine, benki na leja zote zinayo, ulishaipigia tiki. Akaunti ya benki inaweza kukubali hadi senti ya mwisho huku madeni ya wateja yamevurugika.

fundi_wa_ankara

Mimi yalinikuta ya namna hiyo, shule ya serikali ikawa inanilipa pungufu kila mara. Nikawa nawafuata kudai salio kumbe ni kodi ya zuio. Wakinunua bidhaa wanakata asilimia 2. Kwa hiyo huyo wa Magu mwambie alete hati ya TRA.

MamaLeja

Wa Magu hajalipa pungufu, leja inasema hajalipa kabisa. Ila umenikumbusha jambo. Asilimia 2 inakatwa kwenye bei kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Bidhaa za 1,500,000 zinatoa ankara ya 1,770,000. Zuio ni 30,000, benki inaingia 1,740,000. Una ankara ya 1,770,000 iliyo wazi kwa taasisi yoyote ya serikali?

KaraniMpya_Mwanza

Ipo! Shule ya sekondari, mabati na saruji, 1,770,000. Nilikuwa natafuta ankara ya 1,740,000 ndiyo maana sikuiona.

MamaLeja

Usiifunge bado. Kiasi kukubaliana hakutoshi, omba shule ikupe hati ya zuio. Ikija, ingiza 1,740,000 benki na 30,000 kwenye akaunti ya kodi ya zuio, ankara ifungike yote. Isipokuja, pesa ikae kwenye akaunti ya malipo yasiyojulikana mwenyewe. Usimpachike mteja kwa kubahatisha.

Kijana_wa_Ekseli

Kwenye kupiga tiki, angalia kama ulitumia VLOOKUP. Kwenye biashara kama hiyo 500,000 inajirudia mara nyingi kwa mwezi, na VLOOKUP itakuambia zote zipo hata kama benki ina tatu na leja ina nne. Kila kiasi kipe namba ya zamu, pande zote mbili, ndipo ulinganishe. Panga kwa tarehe kwanza, kiasi kiwe safu ya C:

```
=C2&"-"&COUNTIF(C$2:C2,C2)
```

500,000 ya kwanza inakuwa 500000-1, inayofuata 500000-2. Ile ya nne isiyo na mwenzake itajitokeza. Haikwambii ni ya nani, na tarehe zikipishana inaweza kuoanisha isivyo.

KaraniMpya_Mwanza

Asanteni. Nimechukua namba ya muamala kwenye slipu ya Magu nikaikuta kwenye taarifa ya benki, tarehe 8, 1,200,000. Kwenye leja pesa hiyo imeandikwa kwa mteja wa Misungwi, wana jina moja la ukoo. Lakini akaunti ya Misungwi haina salio la kuzidi, ndiyo maana sikuishuku.

MamaLeja

Haiwezi kuzidi kama alikuwa anadaiwa. Programu nyingi hufunga ankara kongwe kwanza. Angalia ilivyogawanywa.

KaraniMpya_Mwanza

Imefunga ya Februari ya 740,000, na 460,000 ikapunguza ya Machi. Wa Magu ana ankara moja ya 1,200,000 kamili.

Bonge_la_Hesabu

Basi kesi imekwisha. Piga jurnali, hamisha.

MamaLeja

Slipu na namba ya muamala vinatosha kumwondolea wa Magu deni. Ila wa Misungwi ataamka anadaiwa 1,200,000 aliyodhani imeisha, au labda alilipa kweli na pesa yake nayo iko kwa mtu wa tatu. Mimi humpelekea kwanza mchanganuo wa akaunti yake tangu Januari, aweke alama malipo anayoyatambua na alete slipu zake.

Bonge_la_Hesabu

Na akikaa kimya mwezi mzima? Hesabu za Machi zitasubiri?

MamaLeja

Hazisubiri, kwa hiyo hamisha ndani ya Machi na ambatanisha slipu. Nasema tu asimpigie simu ya kudai kabla hajaona slipu za Misungwi.

KaraniMpya_Mwanza

Nimempigia mara mbili hapokei. Kesho gari la mzigo linaenda huko, nitampa dereva mchanganuo. Yule aliyekusanya ile 2,400,000 bosi amesema nisimuulize, ataongea naye mwenyewe.