Mwanangu kapata 6 kati ya 15 kwenye menyu ya sayansikimu, kisa chai

BiKizimbani: Assalamu alaykum. Binti yangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili hapa Wete. Skuli wamepewa karatasi: panga chakula cha siku moja cha kijana, na kila chakula uandike kina kirutubisho gani na kazi yake. Aliandika tunavyokula kweli. Asubuhi boflo na chai ya rangi. Mchana wali, mchuzi wa vibua na mchicha wa nazi. Usiku chapati, maharage na chai. Mwalimu kazizungushia chai zote kalamu nyekundu, pembeni kaandika "chuma kinapotea". Na safu ya kazi yote kaikata, maana mtoto kila mstari kaandika "kujenga mwili". Jumatatu anarudisha. Turekebishe vipi bila kununua nyama kila siku?

Mtumbwi_77: Waalaykum salaam. Ongeza tui tu, dada. Tui ni maziwa, lina madini ya mifupa. Na mchicha una chuma kushinda nyama, mjaze sahani.

Shangazi wa Mkoani: Pole, bi. Mdogo wangu naye alikonda hivyo hivyo, akawa anatafuna mchele mbichi mchana kutwa. Hospitali wakamkuta damu iko chini. Mpe rozela, atapona.

BiKizimbani: Shangazi, wangu haumwi, ni zoezi la skuli 😅

MwalimuMstaafu: Nimesomesha somo hili miaka mingi, na kosa hili la chai nimelisahihisha sana. Lakini hata mwalimu wenu kalikoleza kidogo.

Majani ya chai yana kitu kinachokamata chuma cha mimea tumboni, kikapita bila kufyonzwa. Chuma cha samaki na nyama hakisumbuliwi sana. Sasa tazama menyu ya binti: boflo na chai ya asubuhi si hasara kubwa, maana chuma chake cha siku hakitegemei boflo. Hasara iko usiku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina miligramu 4 hivi za chuma, zote za mimea, naye anazishushia chai. Msichana wa umri huo anahitaji kama 15 kwa siku, kaka yake 11 tu, kwa sababu msichana anapoteza damu kila mwezi. Kwa hiyo chai ya usiku aihamishie saa kumi alasiri, na maharage ayale na chungwa au embe. Vitamini C inasaidia kile chuma kufyonzwa, ila iwe mlo ule ule. Chungwa la asubuhi haliyasaidii maharage ya usiku.

Mchana nyinyi mko vizuri kuliko mnavyodhani. Kibua mwenyewe ana chuma, na anakisaidia cha mchicha kiingie. Ndimu ikamuliwe mezani, si chunguni, maana ikichemka sana vitamini yake inapungua.

Mtumbwi, tui ni jeupe tu. Ni mafuta, kalsiamu yake ni kidogo mno. Mifupa itafutie maziwa, au dagaa wanaoliwa wazima na miba yao. Hata hivyo tui lina kazi kwenye karatasi: mafuta yake yanasaidia vitamini A ya mchicha kufyonzwa. Hiyo ndiyo kazi ya kuandika, siyo "kujenga mwili". Mchicha nao una chuma, lakini mwili unakipata kidogo kuliko cha nyama.

Mtumbwi_77: Kwa hiyo bibi zetu walijidanganya na tui?

MwalimuMstaafu: Bibi zetu walikula dagaa.

BiKizimbani: Maharage basi aandikeje? Na maziwa nayaweka wapi?

MwalimuMstaafu: Maharage yapewe mistari miwili. Protini: misuli na viungo vinavyokua. Chuma: kutengeneza damu inayobeba oksijeni, na kufidia ya hedhi. Wali na chapati: nguvu ya kutembea hadi skuli na kusoma. Maziwa asubuhi badala ya chai, na asiyanywe na maharage, maana kalsiamu nayo inazuia chuma kidogo.

Shangazi, anayetafuna mchele mbichi apimwe damu, asiachiwe rozela peke yake.

Shangazi wa Mkoani: Lakini rozela ilimrudisha, nimeona kwa macho yangu.

MwalimuMstaafu: Na vidonge vya hospitali hakupewa?

Shangazi wa Mkoani: Alipewa. Lakini rozela alianza kabla.

BiKizimbani: Kaandika upya. Chai kaipeleka alasiri na mandazi, usiku kaweka chungwa, asubuhi maziwa. Sijui kama mwalimu ataikubali ile ya alasiri, yeye alitaka ifutwe yote. Baba yake kaisoma karatasi, anauliza chapati bila chai inashukaje kooni.